Tupeane uzoefu: mfululizo wa ishara zinazopishana ulikusumbua wapi?

Mwanzisha uzi: Wakuu habari. Naanza mimi. Mwaka wa kwanza chuoni nilijumlisha vipande kumi vya 1 − 1/2 + 1/3 − 1/4 + … nikapata 0.6456. Jibu lake ni ln 2, yaani 0.6931. Nikarudia kujumlisha usiku kucha, nikidhani nimekosea. Kumbe nilikuwa sahihi. Kosa la kukatisha halizidi kipande cha kwanza ulichokiacha, hapa 1/11, ambayo ni 0.0909, na langu lilikuwa 0.0475 tu. Kanuni hiyo hiyo inadai vipande 2,000 kosa lishuke chini ya 0.0005! Kilichoniokoa ni kuona kwamba jumla zinaruka, moja chini ya jibu, inayofuata juu yake. Ya kumi na moja ni 0.7365. Wastani wa hizo mbili ni 0.6911.

Kibuyu: Mimi sihangaiki. Ishara zikipishana na vipande vikielekea sifuri, unakonveji, na kosa ni kipande kinachofuata.

Mwalimu wa zamu: Kibuyu, umeruka sharti moja: vipande visirudi kupanda. Jaribu 1 − 1 + 1/2 − 1/4 + 1/3 − 1/9 + … Ishara zinapishana na vipande vinakwenda sifuri. Ila hasi zote kwa pamoja hazifiki hata 1.65, na chanya zinapanda bila kikomo, kwa hiyo jumla inapaa. Tena kosa *halizidi* kipande kinachofuata, si kwamba ndilo kipande chenyewe.

Dada Msimbo: Kosa langu mimi lilitoka kwenye mashine. Nilitafuta e^(−10) kwa 1 − 10 + 100/2 − … Nikasimama mapema, jibu likatoka kwa maelfu.

Mwalimu wa zamu: Dada, hapo kuna mambo mawili. Vipande vyako vinapanda hadi karibu 2,756 ndipo vishuke, kwa hiyo kabla ya hapo kanuni haikulindi. Halafu jibu ni 0.0000454. Ukitumia tarakimu saba tu, mviringisho wa vipande vikubwa hivyo unalimeza. Tafuta e^10, kisha gawa 1 kwayo.

Mpanga Upya: Mimi ule wa mwanzisha uzi niliupanga chanya moja, hasi mbili: 1 − 1/2 − 1/4 + 1/3 − 1/6 − 1/8 + … Ukanipa 0.3466, nusu kamili! Nilidhani kompyuta imeharibika.

Mwalimu wa zamu: Haijaharibika. Ondoa ishara, ubaki na 1 + 1/2 + 1/3 + …, unadaivaji. Ndiyo maana ule wa awali unakonveji kwa masharti tu, na mpangilio wa vipande unaamua jibu. Weka n² chini badala ya n: huo unakonveji hata bila ishara, upange utakavyo, jibu halibadiliki.

Kibuyu: Nimekubali sharti. Sasa ule wastani wa mwanzisha uzi: kosa lake nalipimaje kama jibu silijui?