CT ya mzee imetoka safi, sasa wanataka MRI. Kwa nini wasingeanza na MRI moja kwa moja?

BintiPangani – Jumatano, saa 2:10 usiku

Habari za jioni wakuu. Baba yangu ana miaka 66, presha anayo siku nyingi. Jana aliamka mzima, akanywa chai, na kama saa moja na nusu asubuhi alipoinuka kwenda kuoga kizunguzungu kikamshika. Akatapika mara nne, ulimi ukawa mzito, akisimama anaangukia upande wa kulia kama mlevi. Mikono na miguu ina nguvu zote, kwa hiyo sisi tukajua ni yule samaki wa juzi. Tukahangaika na ndimu na maji ya chumvi, hospitali tukafika saa nane mchana.

Wakampiga CT ya kichwa, haikumaliza dakika kumi. Majibu: hakuna damu iliyovuja, hakuna jambo jipya. Tukamshukuru Mungu. Leo daktari anasema bado anashuku kiharusi cha nyuma ya kichwa, kesho anataka MRI. Ba'mdogo amewaka. Anasema kama MRI ndiyo inayoona, kwa nini tulipishwe CT kwanza? Naomba mnilinganishie hivi vipimo, nijue namjibu nini.

Kasuku_Mweusi – saa 2:31 usiku

Pole dada. Ba'mdogo wako yuko sahihi. CT ni mambo ya 1971, eksirei inayozunguka kichwa tu. Inaona mifupa na damu basi. MRI inatumia sumaku, haina mionzi, na nyama ya ubongo inaionyesha kama umeikata kwa kisu. MRI inaishinda CT kwa kila kitu isipokuwa damu, maana damu MRI haioni. Wenzetu wenye uwezo wanaanza na MRI.

Zamu_ya_Usiku – saa 3:05 usiku

Mimi ni mpiga picha, kazi yangu ni hizo mashine mbili. Kasuku, umepatia nusu. Damu MRI inaiona, tena madoa madogo ya damu ya zamani ambayo CT haiyaoni kabisa, MRI inayaonyesha kama vitone vyeusi. Na ni kweli ziko hospitali zinazoanza na MRI kwa kiharusi. Ila hilo la "kwa kila kitu" ndilo linalowapoteza watu.

Binti, swali la kwanza mtu akiletwa na dalili kama za baba yako ni hili: mshipa umepasuka au umeziba? Kwa macho huwezi kujua. Na dawa zake zinapingana. Aliyeziba anapewa dawa ya kuzuia damu isigande. Ukimpa hiyo aliyepasuka umemwongezea janga. CT inajibu swali hilo haraka kuliko chochote, kwa sababu damu mbichi inazuia eksirei kuliko ubongo wenyewe, kwa hiyo inang'aa nyeupe kwenye picha. Hata daktari mgeni kazini anaiona. Kuchukua picha zenyewe ni sekunde chache, muda mwingi unaishia kumhamisha mgonjwa kutoka machela. MRI ya kichwa ni dakika ishirini hadi arobaini na tano, mgonjwa kalala ndani ya bomba, kelele kama nyundo, na hatakiwi kutikisika. Baba yako alikuwa anatapika. Angetapika chali humo ndani, nani angemfikia kwa wakati?

Kwa hiyo CT ya jana haikuwa ya kutafuta kiharusi. Ilikuwa ya kuhakikisha hakuna damu. "Safi" maana yake ni hiyo tu, si kwamba ubongo hauna tatizo.

BintiPangani – saa 3:22 usiku

Asante sana. Sasa hapo ndipo sielewi. Kama mshipa umeziba na sehemu ya ubongo inakufa, CT inakosaje kuona kitu kilichokufa?

Zamu_ya_Usiku – saa 3:58 usiku

Swali zuri, wengi hawaliulizi. CT inapima uzito wa kitu mbele ya eksirei. Tuna kipimo chake: maji ni 0, hewa ni -1000, ubongo uko kwenye 25 hadi 40 hivi, damu mbichi inapanda 50 na kuendelea. Sehemu iliyokosa damu haibadiliki uzito papo hapo. Inanyonya maji polepole, saa baada ya saa, na ndipo inakuwa nyeusi kidogo kuliko jirani zake. Saa sita za mwanzo tofauti inaweza kuwa ndogo mno, hasa kidonda kikiwa kidogo. Kesho yake mara nyingi inaonekana wazi.

Halafu baba yako anashukiwa sehemu mbaya kwa CT. Ubongo wa nyuma umekaa katikati ya mifupa migumu kuliko yote ya fuvu, ile iliyobeba masikio. Eksirei ikipita hapo inatoka imechoka, na picha inachorwa michirizi myeusi kutoka sikio hadi sikio. Kidonda kikijificha chini ya michirizi hiyo huwezi kumlaumu msomaji.

MRI haijali mfupa, inasikiliza maji. Kuna picha moja utaiona kwenye ripoti imeandikwa DWI. Hiyo inapima maji yanavyotembea ndani ya ubongo. Kwenye ubongo wenye afya maji yanazurura. Chembe zikikosa damu zinashindwa kuyasukuma nje, zinavimba, maji yanabanwa. Pale yalipobanwa panawaka kama taa, na inaweza kuwa ndani ya dakika chache tu. Tunalinganisha na picha ya pili, ADC, ambayo papo hapo inatakiwa kuwa nyeusi. Ikiwaka DWI peke yake bila ADC kuwa nyeusi, huenda ni kovu la zamani.

Lakini usiiabudu. Kiharusi cha nyuma kinaweza kuidanganya hata DWI siku ya kwanza. Ndiyo maana daktari anayemwangalia macho yanavyocheza na namna anavyotembea bado ana kazi.

FundiGeti – saa 4:15 usiku

Nichomekee kidogo. Mimi ni fundi wa kuchomelea, mwaka juzi nilipelekwa MRI ya kichwa nikarudishwa mlangoni nipige eksirei ya macho kwanza. Nikadhani ni ulaji. Kumbe wanaogopa chembe ya chuma iliyobaki jichoni, sumaku inaweza kuisogeza ukapofuka. Kama mzee aliwahi kushika grainda, mwambie aseme.

Zamu_ya_Usiku – saa 4:20 usiku

Sahihi kabisa. Na betri ya moyo, na vibanio vya upasuaji wa zamani kichwani, vyote vitajwe. Sumaku yetu haizimwi hata usiku. Hirizi yenye kopo la bati pia ivuliwe, nimeshaona mzee akivutwa shingo.

MamaWawili – saa 4:41 usiku

Mimi mwanangu ana kifafa, CT ilionyesha vitone vyeupe wakasema ni mabuu ya tegu yaliyokauka. Sasa nisomapo hapa naona CT haifai. Je, tulidanganywa?

Zamu_ya_Usiku – saa 4:50 usiku

Hapana mama, hapo CT iko kwenye uwanja wake. Kilichokauka kikawa kama chokaa CT inakiona kuliko MRI. MRI inafaa kuwatafuta walio bado hai kwenye vifuko vyao vya maji, au kovu dogo linalowasha kifafa. Muulize daktari kama anahitaji kujua hilo. Tumrudie mzee wa Pangani.

Mzee_wa_Wodi – Alhamisi, saa 12:40 asubuhi

Nimekuwa tabibu wilayani miaka mingi, MRI hatuna na mgonjwa wa kwenda nayo ni safari ya siku nzima. Nisikubaliane kidogo na kijana wetu. Binti, dawa ya kuyeyusha donge inatolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze (si saa nne na nusu asubuhi, kuna ndugu walinielewa hivyo!). Ninyi mlifika zimepita sita. Dalili za baba yako zinajieleza, CT imeondoa damu. Mimi ningempa aspirini, ningeangalia anavyomeza na presha yake, nisingemsubiri MRI. Picha nzuri isiyobadilisha dawa ni ya nani?

Zamu_ya_Usiku – saa 1:30 asubuhi

Shikamoo mzee. Aspirini haisubiri MRI, hapo tuko pamoja. Lakini ukubwa wa kidonda unabadilisha ulinzi. Kidogo anaweza kukaa wodi ya kawaida. Kikubwa kwenye ubongo wa nyuma kinavimba, na nafasi kule ni finyu.

Mzee_wa_Wodi – saa 1:44 asubuhi

Marahaba. Kuvimba nitakuona kwa mgonjwa kabla ya picha, akianza kusinzia. Na siku hiyo nitaomba CT, si MRI.

BintiPangani – Jumamosi, saa 5:20 asubuhi

Shikamoo mzee, na wengine habari. Naleta mrejesho.

MRI ilifanyika Alhamisi jioni. Walimpa dawa ya kuzuia kutapika kwanza, dakika thelathini na tano akavumilia. Ripoti inasema kiharusi kipya ubongo wa nyuma upande wa kulia, DWI inawaka na ADC nyeusi. Tena wakampigia na mishipa ya shingo humohumo, mmoja wa nyuma umeziba. Daktari akamhamishia kitanda cha karibu na manesi, akatuambia tumwamshe kila mara tumsikilize anavyoongea.

Jana saa kumi alasiri akawa mzito kuamka, na matapishi yakarudi. Nilikimbilia neno la Mzee wa Wodi, kusinzia. Nikamwambia nesi. Ndani ya nusu saa alikuwa kwenye CT, ile ile ambayo Ba'mdogo aliiita ya kupotezea hela. Safari hii hata mimi niliiona: upande wa kulia nyuma pameiva weusi, mkubwa kama yai la kuku. Wakasema uvimbe umeanza kuminya njia ya maji ya ubongo, lakini vijumba vya maji vya juu bado havijatanuka. Wamempa dawa ya kupunguza uvimbe, daktari wa upasuaji amejulishwa na anarudia CT leo saa tisa.

Ba'mdogo ameuliza kwa nini leo wasirudie MRI kwa kuwa ndiyo iliyoona.

Mzee_wa_Wodi – saa 5:37 asubuhi

Mwambie leo hawatafuti kiharusi, wanakijua. Wanatazama kama vijumba vya maji vimetanuka, na hilo CT inalionyesha kwa sekunde chache mgonjwa akiwa na oksijeni yake na nesi kando yake. Mionzi ya CT ya kichwa ni kama milisivati 2, chini ya anayopata mtu kwa wastani kwa mwaka kutoka ardhini na angani. Kwa mtu wa miaka 66 anayesinzia, hiyo si hesabu ya leo.

Kasuku_Mweusi – saa 5:52 asubuhi

Narudisha maneno yangu ya Jumatano, nusu yake. Bado nauliza: angefika saa mbili asubuhi, na MRI iko chumba cha pili, bado mngeanza na CT?

Zamu_ya_Usiku – saa 6:15 mchana

Kwa anayetapika vile, mimi ningeanza na CT, pamoja na rangi ya kuonyesha mishipa papo hapo. Mwenzangu wa zamu ya mchana angebisha, na si mjinga. Binti, baada ya saa tisa tuambie vijumba vya maji vikoje.