Picha ya msimamo wa ligi ya kata: Lens, Excel ya simu, Tesseract au kuandika kwa mkono?

kijana_uyole
Wakuu ugonile. Mimi ndo natunza rekodi za ligi yetu ya kata hapa Mbeya, timu sita, nyumbani na ugenini. Katibu anaandika msimamo kwenye ubao mweupe kwa kalamu, mi napiga picha kila Jumapili jioni halafu nauingiza kwenye Google Sheets ndo nautuma kwenye grupu la wasap. Safu ni za kawaida, P W D L GF GA GD Pts. Nimechoka kuandika namba moja moja kwa hiyo wiki hii nimejaribu njia tatu. Google Lens imesoma vizuri ila kunakili ikanipa majina yote kwanza halafu namba zimemwagika chini kama mahindi. Excel ya simu, ile ya kuingiza data kutoka kwenye picha, imenipa jedwali la kweli na inakuonyesha seli ambazo haina uhakika nazo kabla hujakubali. Tesseract ya kwenye laptop imetoa takataka tupu. Majina ya timu nimeyaficha, hiki ndo Excel ilichosoma:

```
T1 5 4 1 0 11 2 9 13
T2 5 3 1 1 8 4 4 10
T3 5 2 2 1 6 4 2 8
T4 5 2 3 6 8 -2 6
T5 5 1 2 3 4 9 -5 5
T6 5 0 1 4 3 11 -8 7
```

Nyie mnatumia nini na mnajuaje imesoma sawa bila kurudia kila namba kwa macho?

bao_la_mkono
Mkuu mbona rahisi, ushindi pointi 3 sare 1, weka fomula ya W mara 3 jumlisha D, ikilingana na Pts safari imeisha. Mi nafanya hivyo kwenye ligi ya mtaani kwetu Mwanjelwa miaka yote. Hapo T6 tu ndo imekosewa, hana ushindi ana sare moja, pointi 7 katoa wapi. T5 iko poa, 3 na 2 ni 5.

Mama_Ipogolo
Kamweneee. Mi nipo Iringa, netiboli ya shule, hizo app sijawahi kuzitumia. Mi nakaa na binti yangu, yeye anasoma kwa sauti mi naandika, tukimaliza tunabadilishana na tunaanza upya kwenye karatasi nyingine bila kuangalia ile ya kwanza. Tunalinganisha zile karatasi mbili. Timu nane dakika kumi na tano. Hizo dakika mtu unazitumia kumuuliza app kwa nini kaandika saba!

kijana_uyole
Hahaa shikamoo mama, ushauri mzuri ila binti wa kunisomea ndo sina 😅

fundi_Tukuyu
Kijana, kwanza Tesseract uiache, ile imefundishwa maandishi ya kuchapwa, mwandiko wa kalamu utaionea bure. Ningekuwa na msimamo uliopigwa chapa ningeitumia na `--psm 6` ili ichukue picha kama kipande kimoja cha maandishi, ila kwa ubao wa katibu wako Excel ndo sahihi kati ya hizo tatu. Mama hapo juu naye yuko sahihi kuliko mnavyodhani, kusoma mara mbili bila kuchungulia ndo dawa ya zamani na kwa timu sita mi ningeandika tu.

Sasa makosa. bao_la_mkono fomula yako inagusa safu tatu tu, W, D na Pts. L inaweza kuwa 9 na fomula ikacheka tu. Weka hizi pembeni, mstari sahihi unatoa 8 halafu sifuri tatu:

```
=COUNT(B2:I2)
=C2*3+D2-I2
=C2+D2+E2-B2
=F2-G2-H2
```

Ya kwanza inahesabu namba kwenye mstari, na inahesabu namba halisi tu, kwa hiyo 0 ikisomwa kama herufi O au alama ya hasi ikisomwa kama kistari kirefu ile seli inakuwa maandishi na hesabu inashuka. Angalia T4, ana namba saba badala ya nane. Na GA ni -2, timu gani imefungwa magoli hasi mbili? Nakubet katibu aliandika kistari badala ya sifuri kwenye sare, app ikakiruka na kila kitu kikasogea kushoto. Rudisha 0 kwenye D uone, inakuwa 5 2 0 3 6 8 -2 6 na zote zinakaa.

T6 fomula ya pointi inatoa -6, ya mechi inatoa 0. Mechi ziko sawa kwa hiyo W na D zinaaminika, mtuhumiwa ni Pts peke yake. 1 yenye kofia imesomwa 7. Vuta picha uangalie.

kijana_uyole
Nimevuta. T4 ni kistari kweli, T6 ni 1 yenye kofia. Aisee.

mzee_wa_redio
Vijana angalieni na ushindi una pointi ngapi. Mimi nina daftari la misimamo niliyobandika kutoka magazetini tangu zamani, mjukuu wangu akaipiga picha akaniambia babu yote imekosewa. Haikukosewa, zamani ushindi ulikuwa pointi 2. Kombe la Dunia 1990 Italia, kundi B, Kamerun kaongoza kwa ushindi 2 na kufungwa 1, pointi 4, na magoli kafunga 3 kafungwa 5. Kaongoza kundi na hasi mbili! Kaifunga Argentina na Romania halafu kala nne kwa Wasovieti. Marekani 1994 ndo zikawa 3. Hivyo mjukuu akabadilisha 3 ikawa 2 kwenye fomula na daftari langu likatulia.

fundi_Tukuyu
Mzee marahaba yako tunaisubiri, shikamoo. Na hiyo Kamerun ni mfano mzuri, mtu akiona kinara ana -2 lazima afute ile hasi akidhani ni uchafu wa picha. Kosa likijirudia kwenye kila mstari wenye ushindi, na tofauti ni sawasawa na idadi ya ushindi, hapo tatizo ni kanuni, picha ilisomwa vizuri.

bao_la_mkono
Sawa nimekubali kwa T4. Ila sasa T5 mbona kwa fomula ya mechi inatoa 1? 1+2+3 ni 6 na P ni 5. Basi D ipunguzwe iwe 1 yaishe, na nikijumlisha D zote napata 7, sare haiwezi kuwa 7 maana kila sare inaandikwa kwa timu mbili. Kwa hiyo D ya T5 ndo mbovu, tayari nimekutatulia.

fundi_Tukuyu
Jumla ya D umeipiga vizuri sana, hiyo sikuitaja na ni nzuri, lazima iwe shufwa. Lakini usikimbilie kufuta. Ukifanya D iwe 1 pointi zitakuwa 4 na ubao unasema 5, umeziba tundu moja umefungua jingine. Seli moja ikikosewa inaacha alama yake: D ikizidi moja, fomula ya pointi na ya mechi zote zinatoa 1. W ikizidi moja, ya pointi inatoa 3 na ya mechi 1. Hapa ya pointi ni 0 na ya mechi ni 1, kwa hiyo ni P au L. Na L zote jumla ni 12, W zote 12, zinalingana kama inavyotakiwa. Imebaki P.

Kijana una picha ya Jumapili iliyopita?

kijana_uyole
Ninayo. Wiki iliyopita T5 alikuwa 5 1 1 3 3 8 -5 4. Timu nyingine zote namba ni zile zile.

fundi_Tukuyu
Basi imejieleza. T5 kaongezewa sare moja, goli moja la kufunga, moja la kufungwa, pointi moja. Kacheza 1-1. Katibu kasahau kubadilisha P iwe 6, na timu aliyocheza nayo hajaigusa kabisa. Ona pia GF zote ni 38 na GA zote ni 38, zinalingana, maana sare iliyoandikwa upande mmoja inaongeza sawa huku na huku. Jumla ya magoli isingekuonyesha hii hata ungekesha.

Kwa hiyo app ilisoma T5 sahihi kabisa, ubao ndo umekosea. Ndo maana nakuambia usirekebishe kwenye ule ule mstari. Tengeneza karatasi mbili kwenye hiyo Sheets, moja inaitwa ubao, unaandika kilichopo kwenye picha hata kama ni upuuzi, ya pili hesabu. T4 na T6 unarekebisha kwenye ya kwanza kwa sababu picha inasema hivyo ukiivuta. T5 kwenye ya kwanza unaiacha 5 1 2 3 4 9 -5 5 na unaweka maelezo pembeni. Ukichanganya, mwezi ujao hutajua kipi kilikuwa cha katibu na kipi chako.

Mama_Ipogolo
Hapo mimi na binti tungeandika 5 mara mbili na tungekubaliana vizuri tu 😂 Naomba hizo fomula nizipeleke shuleni. Ila swali, sisi kuna timu ilikatwa pointi kwa kuchezesha mchezaji wa shule nyingine, hiyo fomula si italia kila wiki?

fundi_Tukuyu
Italia mama, na iache ilie. Ongeza safu ya makato, andika kiasi walichokatwa, fomula iwe `=C2*3+D2-J2-I2` kwa huo mpangilio wa soka, nyie mtaweka pointi zenu za ushindi. Usibadilishe ushindi wao ili hesabu ikubali.

bao_la_mkono
Sasa T5 kacheza na nani? Maana bila hilo msimamo hauendi popote.

kijana_uyole
Katibu simu haipatikani, kaenda shamba Chunya. Kwenye grupu T2 wanasema ni wao na T3 nao wanasema ni wao, kila mtu anaitaka hiyo pointi. Naenda kutafuta karatasi ya refa kesho.

mzee_wa_redio
Tafuta na ya Jumamosi, mvua ilinyesha, usije kuta mechi iliahirishwa dakika ya sitini.