Mrejesho: Darasa la kila Jumatatu na sikukuu

Niliuliza: "Sikukuu ikiangukia Jumatatu, au mwanafunzi mmoja akiomba udhuru, nifanyeje nisivuruge ratiba nzima ya darasa la kushona?"

Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati. Nimeacha kuandika "kila Jumatatu" katika mstari mmoja. Sasa kila tarehe ina mstari wake, na kila mwanafunzi ana mstari wake chini ya tarehe hiyo.

Kwa mfano, mwanafunzi aliyelipia vipindi vinne kuanzia tarehe 16 Machi 2026 angemaliza tarehe 6 Aprili, lakini hiyo ni Jumatatu ya Pasaka. Tarehe hiyo siifuti, kwa kuwa ikifutwa hakuna atakayejua kwa nini kipindi hakikufanyika. Naiandika "imefungwa", na kipindi cha nne kinahamia tarehe 13 kwa wote.

Mmoja akiomba udhuru, nabadilisha mstari wake tu kuwa "ameahirisha"; cherehani yake inabaki wazi kwa mwingine siku hiyo, na wenzake hawaguswi.

Idi, ambayo hutegemea kuandama kwa mwezi, naiwekea alama ya "huenda" katika tarehe mbili zinazofuatana hadi itangazwe.