Uso umezama kwenye kivuli cha kofia: duara, brashi au maski ya uso?

Kipepeo22
Wakuu, salaam. Nina picha ya babu yangu, kavaa kofia pana. Niliipiga mchana jua likiwa utosini, matokeo yake kofia na shati vinang'aa lakini uso umezama gizani. Nataka kuisafisha kubwa ya kutundika ukutani, na keshokutwa lazima faili liwe limefika kwa mchapaji. Nimejaribu kuung'arisha uso kwa duara, kwa brashi, na kwa ile maski inayochagua uso yenyewe. Zote zina kasoro. Nyie mngeshika ipi?

FundiMwanga
Kasoro gani? Hujasema programu unayotumia, hujasema kama ni RAW au JPEG, na ISO ilikuwa ngapi. Kubwa zaidi: kivuli kimefunika uso mzima, au kinakatika mahali? Hilo la mwisho ndilo linaloamua.

bwana_lenzi
Mnamchosha mwenzenu kwa maswali. Vuta Shadows ya picha nzima mpaka 100, uso utatoka wenyewe. Maski za nini?

Njiwa_Mweupe
Mimi ningemwambia babu ainue kidevu kidogo, au uweke kitambaa cheupe chini kirudishe mwanga usoni. Kinga ni bora.

Kipepeo22
@Njiwa_Mweupe picha ni ya mwaka juzi, na babu hatunaye tena. Ndiyo maana nahangaika nayo.
@FundiMwanga samahani. Lightroom ya kompyuta, RAW, ISO 400. Kivuli kinaishia juu kidogo ya mdomo. Kidevu kinapigwa jua, na ana ndevu nyeupe. Nikiweka duara, ndevu zinaungua na kuwa doa jeupe. Maski ya uso nayo inapandisha na kile kipande cha shavu chenye jua.

Njiwa_Mweupe
Pole sana ndugu yangu. Sikujua.

FundiMwanga
Pole mkuu. Sasa tunaongea. Una sehemu mbili za uso zenye mwanga tofauti, kwa hiyo duara litoe kwenye hesabu. Lenyewe halijui jua limeishia wapi, linapandisha kila kilichomo ndani yake.

Ningefanya hivi. Chagua mtu, weka Face Skin. Kisha kwenye vidoti vitatu vya maski hiyo chagua Intersect Mask With, halafu Luminance Range, ubakishe upande wa giza tu. Hapo maski inashika ngozi iliyo kivulini na kuacha iliyo juani. Bonyeza O uone rangi nyekundu imekaa wapi, kisha ulainishe mpito wa ile Luminance Range mpaka mstari wa kivuli usionekane kama umekatwa kwa wembe. Brashi inakuja mwisho, kufuta iliporuka kwenye ukingo wa kofia na kujaza ilipoacha tundu.

Baada ya hapo anza na Exposure +0.7, usizidishe +1. Usitegemee Shadows peke yake: inainua sehemu za giza na kuacha za kati zilipo, uso unakuwa bapa kama karatasi. Ukiona tundu za pua na kope zimegeuka kijivu, shusha Blacks kidogo, tuseme -10, zirudi kuwa nyeusi.

bwana_lenzi
+0.7 haitoshi kwa uso uliozama hivyo. Mimi huwa naweka +2 na picha zangu zinapendwa.

FundiMwanga
Uso hauhitaji kupanda peke yake, mkuu. Shati na kofia vinaweza kushuka. Maski nyingine kwenye shati na ukingo unaong'aa, Exposure -0.4 au -0.5, na ghafla uso unaonekana umefunguka bila kuguswa tena. Jicho linalinganisha, halipimi. Na ngozi ya kivulini isiifikie ile yenye jua. Zikilingana, mtazamaji anaona kofia pana halafu haoni kivuli chake, anahisi uso umebandikwa hata kama hawezi kusema kwa nini.

MamaPicha
Hiyo +2 imenitia aibu, acheni nisimulie. Nilipiga picha za familia moja, baba mwenye nyumba kavaa kofia ya michezo, uso giza. Nilipiga JPEG kwa sababu kadi ilikuwa inajaa. Nikachukua brashi, nikawasha Auto Mask ili isivuke ukingo, nikavuta uso hatua mbili. Kwenye simu ilipendeza, nikajisifu mwenyewe. Iliposafishwa kubwa, mashavu yalikuwa na mabaka ya mrabamraba, chini ya ukingo wa kofia kukawa na uzi mweupe umezunguka paji lote, na ngozi imepauka kama imepakwa majivu. Mteja aliitazama kimya, akauliza, "Huyu ni mimi?" Nikarudisha hela. Tangu siku hiyo nakuza picha hadi asilimia mia na kutembea ukingo mzima wa kofia kabla ya kutuma chochote.

FundiMwanga
Yote uliyoyaona yana sababu. Mabaka: JPEG imeshabana maelezo ya gizani, ukivuta unavuta kisichokuwepo. Uzi: Auto Mask huacha pikseli za mpakani nusunusu. Zima, tumia Feather kubwa, kisha futa kwa brashi ndogo. Na majivu yale mara nyingi ni rangi, si mwanga. Kivuli mchana kinaangazwa na anga, kwa hiyo ni cha buluu, na ukikipandisha unapandisha na buluu yake. Ngozi nyeusi inaonyesha hilo haraka zaidi. Sogeza Temp ya maski hiyo kuelekea manjano kidogo, ukilinganisha na shavu lenye jua. Ila kama babu alisimama kwenye majani, tazama kijani chini ya pua, hapo utagusa Tint.

KobeMzito
Naomba kupinga kidogo. Kwa nini kivuli kiondoke? Mzee kavaa kofia, jua lipo, uso una giza. Hiyo ndiyo picha. Mimi ningeangaza macho tu kidogo na kuacha mengine.

bwana_lenzi
Picha ya kutundika ukutani halafu mwenyewe haonekani? Hapana.

MamaPicha
Macho peke yake ni hatari. Ukiyawasha ndani ya giza anakuwa kama paka usiku.

Kipepeo22
Nimefuata ya FundiMwanga. Uso +0.8, shati -0.5, Temp +5. Nimemwona babu, kweli. Mama kasema amefanana. Tatizo limebaki pale juu ya mdomo kivuli kinapokatika: kuna mkanda wa kijivu, si wa jua wala wa kivuli. Nimelainisha mpito, ukawa mpana zaidi.

FundiMwanga
Masharubu yana nyeupe pia? Kama ndiyo, nywele zile zilizo kivulini zimeingia kwenye maski nusu. Zifute zote kwa brashi, kisha uzipe maski yao, +0.3 hivi. Bila kuona faili siwezi kuapa.

KobeMzito
Au mkanda huo ndio ukweli wa kivuli. Nenda nje na kofia ukatazame, ukingo wa kivuli haukatiki ghafla.

bwana_lenzi
Nami nina swali. Nina timu nzima, watu kumi na mmoja, wote kofia, picha arobaini. Naweza kunakili maski ya brashi kutoka moja kwenda nyingine?

FundiMwanga
Brashi itabaki mahali ilipochorwa, mtu akisogea inapaka hewa. Ile ya Face Skin inatafutwa upya kila picha. Lakini +2 yako usiinakili.

bwana_lenzi
Nitaweka +1.5.