Ulinganisho: u = x+1 au t = √(x+1)? Nafasi ni ya njia moja tu

MwlKidato6
Wadau wa hesabu, salaam. Jumatatu nagawa karatasi ya ukurasa mmoja kwa wanafunzi wa Kidato cha Sita kuhusu intigrali zenye kipeuo cha pili. Nafasi inatosha njia moja. Kuna wanaoweka u = x+1, kuna wanaobadili kipeuo chenyewe, t = √(x+1). Naona zote zinafikisha kwenye jibu. Niweke ipi?

Mzizima
Mwalimu, umeomba dawa bila kutaja ugonjwa. Kipeuo kimekaa juu au chini? Kimezidishwa na x au kimejumlishwa na namba? Kuna mipaka au hakuna? Bila hayo kila mtu atakutajia anachokipenda yeye.

Kipimajoto
Mimi nasema u = x+1, tena bila kusubiri maswali. Angalia ∫ x√(x+1) dx. Weka u = x+1, basi x = u−1 na dx = du. Unabaki na ∫ (u−1)u^(1/2) du. Fungua mabano, intigreti: (2/5)u^(5/2) − (2/3)u^(3/2) + C. Mistari mitatu. Yule wa t anaanza kuhangaika na dx = 2t dt, na hapo ndipo wanafunzi wengi wanapoisahau ile 2t.

MwlKidato6
Samahani Mzizima, maswali ya kwenye karatasi ni haya:

(a) ∫ x√(x+1) dx
(b) ∫ dx/(x√(x+1)), mipaka 3 hadi 8
(c) ∫ dx/(1+√(x+1))

Bi Tausi
Sasa tunaweza kuongea. Kipimajoto yuko sawa kwa (a). Hapo kipeuo kimezidishwa na polinomia, hivyo u = x+1 inatoa vipeo vya nusu na kazi imekwisha. Lakini mpeleke kwenye (b) kwa njia ileile. Utapata ∫ du/((u−1)√u). Kipeuo bado kipo, kimebadili jina tu. Ili kuendelea itabidi aweke tena √u = t, na hapo amerudi kwenye njia ya pili kwa kuzunguka.

Ukianza na t moja kwa moja: t = √(x+1), kwa hiyo t² = x+1, x = t²−1, dx = 2t dt. Badilisha vyote vitatu:

∫ 2t dt / ((t²−1)·t) = ∫ 2/(t²−1) dt

Ile t ya dx imekatana na t ya kipeuo. Kilichobaki ni sehemu ya kawaida isiyo na kipeuo, unaivunja kuwa 1/(t−1) − 1/(t+1), na jibu ni ln|(t−1)/(t+1)| + C. Mipaka: x = 3 inatoa t = 2, x = 8 inatoa t = 3. Ukiweka, ln(2/4) − ln(1/3) = ln(3/2), yaani kama 0.405.

Sababu inayonifanya niipendelee t ni kwamba x, dx na kipeuo, vyote vitatu, vinaandikika kwa t bila kipeuo. Kwa hiyo sehemu yoyote iliyojengwa kwa x na √(x+1), hata iwe mbaya namna gani, inageuka kuwa polinomia juu ya polinomia. u = x+1 haikupi uhakika huo.

Kipimajoto
Kwa (b) nakubali. Lakini ile 2t bado inasahaulika, dada.

Bi Tausi
Inasahaulika kwa wanaojaribu kudiferenshieti t = √(x+1) na kubaki na dt = dx/(2√(x+1)), halafu wanatafuta pa kuiweka. Waambie waondoe kipeuo kwanza: t² = x+1. Wadiferenshieti hapo: 2t dt = dx. Na iandikwe kwenye mstari wake kabla ya kugusa intigrali. Dalili ya kuisahau kwenye (b) ni rahisi kuiona: t haikatani, unabaki na 1/(t(t²−1)), vipande vitatu badala ya viwili.

JuaKali_Hisabati
Kwa (c) hakuna haja ya kubadili herufi. Zidisha juu na chini kwa √(x+1) − 1. Chini inakuwa (x+1) − 1 = x. Unapata ∫ (√(x+1) − 1)/x dx. Chini hakuna kipeuo tena. Kwisha.

Mzizima
Kwisha wapi? Kipeuo kimetoka chini kimehamia juu. Hebu imalizie hiyo ∫ √(x+1)/x dx bila kubadili herufi tuone.

JuaKali_Hisabati
Sawa, hapo nitaweka t. Inakuwa ∫ 2t²/(t²−1) dt. Navunja: A/(t−1) + B/(t+1)... napata A = 1, B = −1. Jibu ln|(t−1)/(t+1)|. Toa ln|x|.

Bi Tausi
Ndugu, umeruka hatua. 2t²/(t²−1) ni sehemu guni, juu na chini zina kipeo kilekile cha 2. Huwezi kuivunja kabla ya kugawanya. Gawanya kwanza: 2t²/(t²−1) = 2 + 2/(t²−1). Hiyo 2 ya mbele ukiiintigreti inatoa 2t, na ndiyo iliyopotea kwenye jibu lako. Jibu la kipande hicho ni 2t + ln|(t−1)/(t+1)|.

Sasa toa ln|x|, ambayo ni ln|t²−1| = ln|t−1| + ln|t+1|. Zile ln|t−1| zinafutana, inabaki 2t − 2 ln(t+1) + C.

Linganisha na kubadili herufi tangu mwanzo: ∫ 2t/(1+t) dt = ∫ (2 − 2/(1+t)) dt = 2t − 2 ln(1+t) + C. Hata hapa kuna sehemu guni, lakini ni hatua moja. Njia yako inafika ila inaingiza x chini, na x = 0 inakuwa mahali pa hatari wakati kwenye swali la awali x = 0 haina shida yoyote, thamani yake ni 1/2 tu. Mwanafunzi mwenye mipaka 0 hadi 3 atakutana na ln|0| katikati ya kazi na ataamini intigrali haipo.

Mvuvi_wa_Namba
Mimi nina √(x²+1) kwenye swali langu. Nimeweka t = √(x²+1) kama mlivyosema na kipeuo kimerudi. Njia yenu haifanyi kazi.

Mzizima
Hakuna aliyesema x². Mada ni kipeuo cha mstari: x+1, 2x+3, na kadhalika. Ukiwa na x², x inakuwa √(t²−1), lazima kipeuo kirudi. Inakubali tu kama kuna x nje yenye kipeo witiri, mfano x³√(x²+1), kwa sababu x dx = t dt na x² iliyobaki ni t²−1. Swali lako lote likoje?

Mvuvi_wa_Namba
Nitaliweka baadaye. Na kwa √(2x+3) ni vilevile?

Mzizima
Vilevile. x = (t²−3)/2, dx = t dt. Angalia 2 ya ndani imekula 2 ya 2t. Ukiandika dx = 2t dt kwa mazoea, jibu linatoka mara mbili ya linalotakiwa.

Bi Tausi
Mwalimu, kabla hujachapa, onya kuhusu mipaka, maana (b) ina mtego mbaya. Anayesahau kubadili mipaka ataweka 3 na 8 kwenye t: ln(7/9) − ln(2/4) = ln(14/9), kama 0.442. Jibu sahihi ni 0.405. Ziko karibu mno kiasi kwamba kuangalia kwa macho hakumsaidii. Hata kukadiria kwa mstatili hakumkamati: thamani ni 1/6 kwenye 3 na 1/24 kwenye 8, upana 5, kwa hiyo jibu liko kati ya 0.208 na 0.833, na yote mawili yanapita. Afadhali mipaka mipya iandikwe palepale dx inapobadilishwa, kwenye mstari uleule.

Kuna pia aina ya swali ambalo huandikwa bila kukaguliwa: ile (b) yenye mipaka −3/4 hadi 3. Inaonekana salama, kwa kuwa x+1 ni chanya kote. t inatoka 1/2 hadi 2. Unaweka: ln(1/3) − ln|(−1/2)/(3/2)| = ln(1/3) − ln(1/3) = 0. Jibu safi, alama zote zimefuatwa, na ni kosa. Kati ya −3/4 na 3 kuna x = 0, ambapo kilichomo ndani ya intigrali kinapaa kama 1/x. Upande wa t ni t = 1. Kipande cha 1/2 hadi 1 kinashuka bila kikomo, cha 1 hadi 2 kinapanda bila kikomo. Intigrali haipo. Kubadili herufi hakuondoi shimo, kunalihamisha tu. Kwa hiyo tafuta t inayofanya asili iwe sifuri, uone kama imo ndani ya mipaka mipya.

Kipimajoto
Lakini 0 hiyo si upuuzi mtupu. Ukikata kiasi kilekile pande zote mbili za sifuri, ndiyo unayoipata.

Bi Tausi
Ndiyo, hiyo inaitwa thamani kuu ya Cauchy. Ila kata ε kushoto na 2ε kulia uone: kushoto inakaribia ln(ε/4) − ln(1/3), kulia ln(1/3) − ln(2ε/4). Jumla ni −ln 2. Jibu linalobadilika kwa jinsi ulivyokata si jibu la intigrali ya kawaida, na swali lilitaka ya kawaida.

Kipimajoto
Kama swali halijasema ni ipi, mimi ningempa mwanafunzi nusu ya alama.

Koda_Pwani
Kwa sisi wa kompyuta t ina faida nyingine. ∫ dx/((x+2)√(x+1)) kuanzia −1 hadi 0: programu inagawanya kwa sifuri hapo mwanzo na kukwama. Kwa t inakuwa ∫ 2/(t²+1) dt, 0 hadi 1. Kanuni ya Simpson kwa vipande 4 tu inatoa 1.5708, na jibu halisi ni π/2.

MwlKidato6
Ahsanteni sana. Naelekea kwenye t, na (a) nitaionyesha kwa njia zote mbili. Swali moja: kwenye (a) nimepata (2/15)(x+1)^(3/2)(3x−2) kwa kuintigreti kwa vipande. Mbona si sawa na la Kipimajoto?

Mzizima
Ni lilelile. Toa (2/15)u^(3/2) nje ya jibu lake, ndani inabaki 3u − 5, na 3(x+1) − 5 ni 3x − 2.

JuaKali_Hisabati
Mwalimu, kwenye karatasi andika u badala ya t basi. Wanafunzi wamezoea u, t wanaijua kama muda.

Kipimajoto
Akiandika u watachanganya na u = x+1 ya hapo (a). Aache t.

JuaKali_Hisabati
Basi aiondoe hiyo u = x+1 kabisa.