Fidia imeidhinishwa, fedha "zimeshatumwa", halafu ninaambiwa sijui kusoma taarifa ya benki

Mdai_Mchovu (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, ninaandika nikiwa bado ninatetemeka kwa hasira, kwa hiyo mnisamehe nikirudia maneno. Ile kampuni ya bima ambayo sina haja ya kuitaja, kwa sababu kila mmoja wenu ameshaijua kabla sijamaliza sentensi hii, imeniandikia leo asubuhi kwamba fedha za fidia yangu zilitumwa zamani, na kwamba "mteja anashauriwa kuisoma taarifa yake ya benki kwa umakini". Kwa umakini! Taarifa hiyo nimeisoma mpaka nimeihifadhi kichwani kama shairi la darasa la nne. Ninajua makato yote, ninajua ada ya kila mwezi, ninajua hata ule mstari usio na maana ulioko chini ya ukurasa. Fidia haimo.

Dai lenyewe halina mgogoro wowote. Mkaguzi alikuja, akapiga picha, akaondoka. Barua ya kuidhinisha ninayo, kiasi kimeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, nami nikatia sahihi hati ya kukubali malipo na kuambatisha barua ya benki yenye muhuri inayoonyesha jina na namba ya akaunti yangu. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kupiga simu. Kila anayepokea anafungua mfumo wao, anasema "hapa inaonekana imelipwa", kisha ananyamaza kana kwamba ananisubiri nimshukuru.

Lakini hayo yote ningeyavumilia. Ninachoshindwa kuvumilia ni "kwa umakini".

Chungu_Tatu

Pole sana ndugu. Mimi nao walinikatalia dai langu kwa kisingizio kwamba leseni ya dereva ilikuwa imekwisha muda. Kata rufaa haraka, usikubali, andika kwa mamlaka inayosimamia bima.

Mdai_Mchovu

Ndugu, hawajakataa. Wamekubali. Hilo ndilo linaloniua.

Kalamu_Nyekundu

Mwanzisha uzi, nimefanya kazi upande wa malipo katika kampuni ya aina hiyo kwa miaka mingi, kwa hiyo nikueleze maana halisi ya neno "imelipwa" kwenye kioo chao. Mara nyingi halina maana kwamba benki yako imepokea kitu. Maana yake ni kwamba idara ya madai imemaliza kazi yake na jina lako limeingizwa kwenye faili la malipo ya siku hiyo, pamoja na ya watu wengine wengi. Faili hilo likifika benki, baadhi ya mistari hukubaliwa na baadhi hukataliwa, na orodha ya iliyokataliwa hurudi kwa wahasibu, wala si kwa yule anayepokea simu yako. Kama mhasibu hajafanya ulinganishi wa hesabu za benki, mfumo wa madai utaendelea kusema "imelipwa" mpaka mwisho wa dunia.

Acha kuwauliza kama wamelipa. Waombe uthibitisho wa muamala unaotoka benki, usiotengenezwa na mfumo wao, wenye tarehe, namba ya kumbukumbu, na namba ya akaunti kama ilivyotumwa. Ninasisitiza, kama ilivyotumwa. Namba iliyo kwenye fomu uliyojaza na namba iliyoingia kwenye faili ni vitu viwili tofauti, na hapo kati ndipo fedha za watu hupotelea.

Bingwa_wa_Sheria

Usihangaike na kumbukumbu namba wala nini. Sheria iko wazi: riba ya ucheleweshaji inaanza kuhesabiwa siku ya ajali, asilimia 2 kwa mwezi, na inajilimbikiza. Wapigie hesabu hiyo na watalipa kesho.

Kalamu_Nyekundu

Mkuu, uko sahihi kwamba riba inaweza kudaiwa, ila mengine umeyapika mwenyewe. Kiwango hutegemea sheria ya mahali husika au mkataba wenyewe, na yapo mahali ambako hakuna kiwango kilichotajwa, mpaka mdai athibitishe hasara. Kuhusu siku ya kuanzia, sijawahi kuona kampuni ikikubali siku ya ajali kwa hiari. Ubishi wa kawaida ni kati ya siku walipopokea nyaraka zote, siku walipoidhinisha kiasi, na siku ulipotia sahihi hati ya kukubali malipo, ambapo masharti huwapa muda fulani wa kulipa na ucheleweshaji huanza baada ya muda huo kuisha. Tena riba ya namna hii kwa kawaida huwa ya moja kwa moja, haizai riba nyingine, isipokuwa sheria au mkataba useme hivyo.

Tuchukulie mfano. Fidia ni 3,000,000, kiwango ni asilimia 8 kwa mwaka, na wamechelewa siku 45 baada ya muda wao kuisha:

```
3,000,000 × 0.08 × 45 / 365 = 29,589
```

Ni kama 657 kwa siku. Si utajiri, lakini barua yenye hesabu iliyopigwa husomwa na mtu mwingine kabisa kuliko barua yenye matusi.

Kidole_Juu

Mwanzisha uzi, kusema kweli hebu angalia tena taarifa ya benki. Kwa umakini. 😂

Mdai_Mchovu

Kidole_Juu, wewe na wao mlizaliwa siku moja.

Wadau, nimerudi na jambo. Nilimwandikia mkuu wa kitengo nikiomba hicho alichokisema Kalamu_Nyekundu, nao wakanitumia picha ya karatasi ya benki, tena kwa maringo, wakisema "ushahidi huu hapa". Nimeitazama. Akaunti yangu inaanza na sifuri. Namba iliyoko kwenye karatasi yao haina sifuri. Imeanza na 7 moja kwa moja, na imepungua tarakimu moja. Hawa ndio walionishauri nisome kwa umakini. Hawa! Watu walioimeza sifuri ya mwenzao wananifundisha mimi kusoma!

Kalamu_Nyekundu

Nilikuwa ninangoja hilo. Mtu ameinakili orodha kwenye jedwali la kompyuta, na jedwali likaona namba ya akaunti ni hesabu, likaiondoa sifuri ya mbele kwa kuwa kwenye hesabu haina thamani. Dawa yake ni kuiweka safu ile iwe ya maandishi kabla ya kubandika, lakini hilo hukumbukwa baada ya maafa.

Habari njema ni kwamba akaunti yenye tarakimu pungufu kwa kawaida hukataliwa na benki, haiendi kwa mtu mwingine. Ingekuwa tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, namba ingebaki na urefu sahihi na ingeweza kuwa ya mtu fulani, na hapo ungeanza safari nyingine. Kwako wewe, inaelekea fedha zilirudi kwao muda si mrefu baada ya kutumwa, zikaingia kwenye akaunti ya muda bila namba ya dai, na zimekaa humo. Waulize swali moja kwa maandishi: muamala wenye namba hii ya kumbukumbu ulirudishwa tarehe gani, na kwa sababu gani?

Jambo la pili, na hili ni la hatari zaidi. Watakutumia fomu ya kubadilisha taarifa za benki na kukuambia ujaze haraka ili wakulipe. Usiijaze hivyo hivyo. Wewe hukubadilisha chochote. Ukijaza fomu ya mabadiliko, kwenye jalada itaonekana kwamba akaunti ya kwanza ilikuwa sahihi kwa wakati wake na kwamba mteja ndiye aliyebadili, na kuanzia hapo watahesabu siku upya na kuzindua uhakiki upya. Andika barua ukisema unathibitisha taarifa zilezile za awali, ambatisha ile barua ya benki yenye muhuri, na uombe wasahihishe kosa la uingizaji. Wakikupigia simu kuhakiki akaunti, wala usishangae. Matapeli hupenda sana kuingilia malipo ya fidia kwa barua pepe za "akaunti mpya". Ila wewe kata simu, kisha upige ile namba iliyoko kwenye hati yako ya bima.

Mama_Pacha

Na kwa malipo yanayovuka nchi je? Kampuni iliyomkatia mume wangu bima ya safari iko nje, nao wanasema wametuma.

Kalamu_Nyekundu

Dada, kama yamepitia mtandao wa SWIFT, waombe namba inayoitwa `UETR`. Ina herufi na tarakimu 36 ukihesabu na vistari, na haibadiliki kutoka benki ya kwanza hadi ya mwisho. Ipeleke kwenye benki yenu na uwaombe waifuatilie; wataona fedha zimekwama kwa nani na kama kuna benki ya kati iliyokata ada. Ila usitarajie muujiza: benki ya mwisho ikichelewa kuandika kwamba imemwingizia mteja, ufuatiliaji huishia mlangoni kwake.

Bingwa_wa_Sheria

Bado ninashikilia siku ya ajali. Ila mwanzisha uzi, umesema ulitia sahihi hati ya kukubali malipo. Imeandikwa "malipo kamili na ya mwisho"?

Mdai_Mchovu

Imeandikwa hivyo.

Bingwa_wa_Sheria

Basi riba umeshaisamehe. Pole.

Kalamu_Nyekundu

Hapo sikubaliani nawe, lakini sitaapa. Hati hiyo inamaliza ubishi kuhusu kiasi cha hasara, ilhali ucheleweshaji umetokea baada ya sahihi, na mtu anawezaje kusamehe jambo ambalo halijatokea? Hata hivyo nimeona hati zilizoandikwa kwa ujanja zikitaja "madai yote ya sasa na ya baadaye", na hapo mawakili hugawanyika. Isome sentensi ile yote, halafu katika barua yako andika kwamba unapokea malipo bila kuathiri haki yako ya kudai riba. Jambo moja linakusaidia: kama fedha zilirudi kwao, hawawezi kusema walikuwa wamekwisha kulipa.

Mdai_Mchovu

Nimewaandikia. Wamejibu kwamba suala "limepelekwa idara husika", na wakaambatisha, nawaapia, fomu ya kubadilisha taarifa za benki. Chini yake wameandika: "Tafadhali jaza namba ya akaunti kwa umakini."

Kidole_Juu

Nimeanguka kwenye kiti.

Chungu_Tatu

Afadhali wewe umepewa fomu. Kwangu mimi, licha ya leseni, walidai picha za gari zilikuwa na giza. Mkaguzi ni wao, simu iliyopiga picha ni yao, giza likawa langu.

Mama_Pacha

Wangu wamenijibu kwamba hawaijui `UETR`. Nimewauliza walituma kwa njia gani, wakasema kwa hundi, kwa posta, kwenye anwani yetu ya zamani.

Chungu_Tatu

Hundi ya posta hiyo ina uzi wake dada, kuna mwenzetu huko mwenye ya kwake iliyochakaa kabla haijafika. Mimi nina swali kuhusu leseni: kuna aliyeshinda rufaa baada ya kuihuisha siku mbili baada ya ajali?

Bingwa_wa_Sheria

Sheria iko wazi.