Mrejesho: picha ya lebo ya asali, Tabora

Niliuliza: "Picha ya asali niliyotengeneza kwa programu ya akili mnemba, naweza kuiweka kwenye lebo ya kuuzia? Ni mali yangu?"

Wakuu, nimesoma masharti ya programu hiyo kama mlivyoshauri. Kifurushi cha bure kinaruhusu matumizi binafsi tu. Cha kulipia kinaruhusu biashara, ila kwa picha zilizotengenezwa baada ya kulipia. Ya zamani nimeitupa, nimetengeneza nyingine, na nimehifadhi risiti pamoja na nakala ya masharti yenye tarehe, maana hubadilishwa.

Kuruhusiwa kuuzia si kumiliki. Hakimiliki hulinda ubunifu wa mtu, si wa programu, kwa hiyo mshindani akinakili picha hiyo, kumzuia ni kazi. BRELA napeleka jina na nembo iliyochorwa kwa mkono, visajiliwe kama alama ya biashara.